Kutotaja chama hakutoshi: kipeperushi cha kura na maneno yanayoponza

Wiki iliyopita nimeambiwa tena: "Hakikisha hamna jina la mgombea wala la chama, basi kipeperushi chetu hakina upande. Yaliyobaki ni kutafsiri tu." Aliyeniambia ni mtu mwema na shirika lake linafanya kazi ya maana, lakini sentensi hii naisikia kila msimu wa uchaguzi na sasa imenichosha. Kipeperushi kinaweza kukosa jina hata moja na bado kikamsukuma mpiga kura upande fulani. Kinaweza pia kumpotezea kura yake kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kazi yenyewe ni karatasi moja iliyokunjwa, picha nane, na maelezo mafupi chini ya kila picha, Kiswahili juu na Kiingereza chini. Inaonyesha hatua za kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 10, 2027. Kiingereza kilikuwa kimeandikwa kwanza, na rasimu ya Kiswahili ilikuwa imeshafanywa na mtu wa ofisini kwao. Mimi niliombwa "kupitia kidogo".

Picha ya kwanza: kituo kinafunguliwa saa 6 asubuhi na kufungwa saa 5 jioni. Msomaji wa Kiswahili ameshaona. Tarakimu zimehamishwa kutoka Kiingereza zilivyo. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo hafungiwi mlango, atapiga kura. Nimeandika saa kwa maneno, nimeongeza hilo la foleni, nikasonga mbele.

Picha ya nne ndiyo karatasi ya kura ya mfano. Majina ya wagombea yalikuwa ya kubuni, sawa. Kando ya majina mchoraji ameweka matunda: ndizi, chungwa, embe. Kijana huyo pengine mwaka 2005 alikuwa bado shule ya msingi. Katika kura ya maoni ya mwaka ule kuhusu katiba, ndizi ilikuwa alama ya kukubali na chungwa alama ya kukataa. Chungwa likashinda, halafu likazaa chama, na mpaka leo ni alama ya ODM. Kwa hiyo kipeperushi "kisicho na chama" kilikuwa na alama ya chama kikubwa katikati ya karatasi. Kwenye foleni nako, mwanamke amejikinga jua kwa mwavuli, ambao ni alama ya Wiper, na nyuma yake mchukuzi ameegesha wilbaro, ambayo ni alama ya UDA. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mpiga kura wa Kenya amefundishwa na wagombea wenyewe, kampeni baada ya kampeni, kutafuta alama kabla ya jina, na asiyesoma vizuri hutegemea alama peke yake.

Hapa nakiri kwamba sina mstari ulionyooka. Ukiondoa kila kitu ambacho ni alama ya chama fulani, utabaki na picha isiyo na jogoo, simba, mwavuli wala tunda, na watu wamesimama kwenye uwanja mtupu usiofanana na mahali popote wanapopajua. Ninachofanya ni hiki: kwenye karatasi ya mfano natumia maumbo tu, yaani duara, mraba, pembetatu na nyota, kisha nayalinganisha na orodha ya alama za vyama vilivyosajiliwa. Safari hii nyota niliiondoa kwa tahadhari. Nguo za watu ziwe za rangi mchanganyiko, na mkononi mwa mpiga kura kusiwe na kitu ila kitambulisho chake.

Halafu ile alama ya kalamu. Katika rasimu, tiki ilikuwa kwa mgombea wa kwanza. Wachoraji wote huiweka hapo, kwa kuwa jicho huanzia juu. Nilipoionyesha nakala hiyo kwa watu wachache sokoni Kongowea, mzee mmoja aliweka kidole juu ya ile tiki akaniuliza kwa upole, "Kwa hivyo sisi ni huyu wa juu?" Mzee hakuwa mjinga. Alisoma picha kama picha inavyosomeka. Ukiihamishia tiki katikati, utakuwa umempendelea wa katikati. Nimeomba karatasi mbili za mfano zichorwe bega kwa bega, moja ina msalaba kwenye safu ya pili, nyingine ina tiki kwenye safu ya nne. Mfano unakuwa na watu wawili waliochagua tofauti, na papo hapo msomaji anaona kwamba si lazima alama iwe ya aina moja. Kanuni za uchaguzi za Kenya zinaruhusu msalaba au alama nyingine, mradi nia ya mpiga kura ionekane wazi na alama isimtambulishe ni nani.

Chini yake rasimu ilisema: "Mchague kiongozi bora umpendaye." Kiingereza chake kilisema tu weka alama kwa mgombea mmoja. "Bora" imetoka wapi? Imetoka kwenye mazoea ya mikutano ya hadhara. Anayetetea kiti anasema yeye ndiye bora kwa kazi aliyofanya, na anayemkabili anasema ubora ni mabadiliko, hivyo neno hilo lina wenyewe tayari. Nimeandika: "Weka alama moja kwa mgombea mmoja katika kila karatasi." Ni baridi, najua.

Kiingereza nacho kina tatizo ambalo Kiswahili hakina. Sisi tukisema "atapewa karatasi sita" hatujasema ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza cha rasimu kilimfanya mpiga kura mwanamume na karani mwanamke kuanzia mwanzo hadi mwisho. Dawa yake ni kumsemesha msomaji moja kwa moja, wewe, katika lugha zote mbili.

Jambo hilo la jinsia linarudi kwa nguvu kwenye karatasi ya Mwakilishi wa Wanawake. Katiba, kifungu cha 97, inasema kila kaunti itakuwa na mwanamke mmoja katika Bunge la Taifa, anayechaguliwa na wapiga kura waliosajiliwa wa kaunti hiyo. Wapiga kura wote. Lakini "mwakilishi wa wanawake" kwa sikio la Kiswahili ni mtu anayetumwa na wanawake, na nimekutana na wanaume wazima wanaoamini karatasi hiyo haiwahusu. Ningekuwa na uhuru ningeandika "mbunge mwanamke wa kaunti". Sina uhuru huo, maana jina la kwenye kipeperushi linapaswa kufanana na lile mpiga kura atakalolikuta kituoni, na jina zuri lisilokutwa mahali pengine humchanganya mtu. Nimeliacha lilivyo, nikaongeza sentensi moja: "Kila mpiga kura, mwanamume na mwanamke, hupewa karatasi hii."

Sasa neno lililonifanya niandike haya yote: kuharibika.

Sheria ya uchaguzi ya Kenya inatofautisha mambo mawili, na Kiingereza kina neno la kila moja. La kwanza ni karatasi uliyoikosea mkononi, kabla hujaitumbukiza: umemwekea alama usiyemkusudia, au wino umemwagika. Hiyo ukiirudisha kwa msimamizi wa kituo na akaridhika kwamba ni bahati mbaya, anaifuta na kukupa nyingine. La pili ni kura iliyokwisha ingia sandukuni, ikakutwa na dosari wakati wa kuhesabu: alama kwa wagombea wawili, karatasi tupu, au maandishi yanayomtambulisha mwenyewe. Hiyo haihesabiwi na haina marekebisho. Ya kwanza imeharibika. Ya pili imekataliwa.

Redioni, vijiweni, hata kwenye vichwa vya magazeti, zote mbili huitwa "kura zilizoharibika". Rasimu yangu ilifuata mkondo huo huo, na chini ya picha ya saba ikasema: "Kura iliyoharibika haitahesabiwa." Jiweke kibandani. Umekosea. Unakumbuka kipeperushi kilisema iliyoharibika haihesabiwi. Utafanya nini? Muuza mboga mmoja pale Kongowea, nilipomuuliza swali hilo, alijibu bila kusita: "Si ndiyo basi? Naikunja naitia, natoka." Nikamwambia angeweza kuomba nyingine. Alinyamaza, kisha akasema uchaguzi uliopita alikosea karatasi ya gavana, akaikunja akaitia. Hakuna chama kilichotajwa kwenye sentensi ile, wala mgombea, na mtu kama yeye anatoka kituoni akiwa amepiga kura tano akidhani ni sita.

Wenye ofisi waliniambia tofauti hii ni ya mawakili. Kweli, mawakili waliibishania. Mwaka 2013 tume ilimtangaza Uhuru Kenyatta kuwa mshindi kwa asilimia 50.07, na mojawapo ya maswali yaliyofika Mahakama ya Juu lilikuwa kama kura zilizokataliwa zihesabiwe miongoni mwa kura zilizopigwa wakati wa kutafuta ile nusu na zaidi inayotakiwa. Mahakama ikasema hapana, ni kura halali pekee. Ushindi ukiwa mwembamba hivyo, neno moja linabeba mzigo. Lakini hata pasipo kesi yoyote, mama wa mboga anahitaji kujua afanye nini na karatasi iliyo mkononi mwake.

Picha ya saba nimeigawa mara mbili. Ya kwanza inaonyesha mkono ukiirudisha karatasi kwa msimamizi: "Umekosea? Usiitumbukize. Irudishe kwa msimamizi wa kituo, omba nyingine." Ya pili inaonyesha karatasi yenye alama mbili ikiwa imewekwa kando wakati wa kuhesabu: "Ukiwawekea alama wagombea wawili, kura hiyo itakataliwa." Neno "kuharibika" nimeliondoa kabisa kwenye kipeperushi. Mhariri wa upande wa Kiingereza alilalamika kwamba sentensi sasa hazilingani idadi. Nimemwandikia afuate Kiswahili.

Limebaki moja ambalo sijaliamua. Karatasi tupu nayo hukataliwa. Nikiiandika pamoja na zile zenye alama mbili, nitakuwa nimeiita kosa, na wapo watu wanaoiacha tupu kwa kukusudia, kwa kuwa hawamtaki yeyote kati ya waliopo. Nisipoiandika, aliyesahau karatasi moja kati ya sita hataonywa. Kwa sasa nimeweka: "Karatasi isiyo na alama haihesabiwi kwa mgombea yeyote." Kesho naipeleka sokoni nisikie itasomwaje.