Je, wajua kwa nini VPN inakuingiza kwenye kamari ya nje lakini haikutoi na ushindi wako?

*"Niko Malindi. Kuna tovuti ya kamari ya nje ambayo haipokei watu wa Kenya, lakini nikiwasha VPN naingia na nacheza bila shida. Nikishinda pesa nyingi, kwa nini wasinilipe?"*

Kwa sababu anayekagua wakati wa kuingia si yule anayekagua wakati wa kulipa. Mlangoni kuna mashine tu. Inaangalia anwani ya IP ya simu yako, inailinganisha na orodha ya nchi, na ikiona Kanada badala ya Kenya inafungua. Kwenye malipo kuna mtu wa idara ya uhakiki, na huyo anataka pasipoti, bili ya stima au taarifa ya benki yenye jina na mahali unapoishi, na picha yako ukiwa umeshika hicho kitambulisho. VPN haina la kufanya juu ya pasipoti.

Katazo lenyewe linatoka upande wa kampuni, halitoki kwa mtandao wako wa simu. Leseni yake, iwe ya Malta, ya Curaçao au kwingineko, inairuhusu kuhudumia baadhi ya nchi tu. Nchi nyingine ina sheria inayotaka leseni yake yenyewe, na Kenya ni mojawapo. Isitoshe, Februari 2024 Kenya iliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na mteja anayetoka nchi iliyo kwenye orodha hiyo huongeza kazi ya kuchunguza pesa zimetoka wapi. Kampuni nyingine zinaona nafuu ni kuifungia nchi nzima.

Hebu tumfuate kijana mmoja wa kubuni, wa Shella, Malindi. Anawasha VPN ya Kanada na kufungua akaunti. Fomu inamtaka achague nchi, na Kenya haimo, kwa hiyo anachagua Kanada. Hapo tayari ameshatoa taarifa ya uongo, na kwa kubofya kisanduku cha masharti amekubali pia kwamba hatumii VPN. M-Pesa haifiki huko, basi ananunua USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, na kuweka dola 100, baadaye dola 150. Siku moja anashinda kidogo, anaomba dola 180, na zinaingia kwenye pochi yake bila swali. Anaamini mambo yako sawa. Wengi huponzwa na malipo haya madogo. Kampuni nyingi huweka kiwango ambacho chini yake hakuna uhakiki wa lazima, na juu yake akaunti inafunguliwa na kusomwa upya tangu siku ya kwanza.

Sasa anashinda dola 2,400 na anaomba kutoa. Ombi linakaa kwenye "Pending", kisha inakuja barua pepe ya kuomba hati. Wakati huo mkaguzi anaisoma kumbukumbu ya akaunti. Ataona nini? Kwanza, anwani ya IP ni ya kituo cha seva, wala si ya kampuni ya intaneti ya majumbani. Orodha za anwani za namna hiyo zinauzwa, na kampuni za kamari huzinunua. Pili, saa ya simu. Kivinjari hukabidhi jina la ukanda wa saa kikiulizwa, na cha kijana wetu kinajibu `Africa/Nairobi` huku IP ikisema Toronto. Tatu, na hili ndilo linalowanasa wengi, mtandao wa simu ukikatika hata sekunde chache, VPN huanguka na ukurasa unajiunganisha wenyewe kwa anwani halisi. Kumbukumbu inaonyesha Kanada saa 3:04 usiku, Kenya saa 3:05, Kanada tena saa 3:07. Mstari mmoja wa hivyo unatosha. Namba ya simu inayoanza na +254 na kadi ya benki ya Kenya nazo husema zenyewe, maana tarakimu za mwanzo za kadi hutaja benki iliyoitoa.

Lakini hata kama angeficha hayo yote, bado angebaki na njia mbili mbaya. Akituma pasipoti yake ya kweli pamoja na anwani ya Malindi, amekiri kwamba yuko nchi iliyokatazwa. Akituma hati ya kughushi, ameacha kuvunja masharti ya tovuti na kuingia kwenye kosa la jinai, na kwa kawaida kampuni hapo hukata hata pesa alizoweka.

Kinachofutwa hutegemea maandishi ya masharti. Kifungu cha kawaida husema ushindi wote ni batili na mteja atarudishiwa alizoweka, zikipunguzwa alizokwisha kutoa. Kwa kijana wetu, aliweka 250 na kutoa 180, hivyo anarudishiwa dola 70. Zile 2,400 hazipo tena. Masharti makali zaidi husema salio lote linachukuliwa. Na je, kama angepoteza zile 250? Hakuna ambaye angemwandikia barua pepe kumwambia dau lake ni batili kwa kuwa yuko Malindi. Mchezaji wa namna hii amekubali dau ambalo akipoteza ni halali na akishinda linafutwa. Hakuna ujuzi wa kubeti unaoweza kurekebisha hesabu hiyo.

Tovuti zinazojinadi kwamba hazihitaji uhakiki, hasa za kripto, hazibadilishi lolote. Fungua masharti yao utafute `Restricted`, kisha `VPN`, kisha `verification`. Mara nyingi utakuta wamejihifadhia haki ya kuomba hati wakati wowote. Tafuta pia kifungu cha michezo yenyewe, kwa kuwa watengenezaji wa sloti nao wana orodha zao za nchi. Inawezekana tovuti inakuruhusu lakini mchezo ulioshinda umekatazwa ulipo, na ushindi wa mchezo huo peke yake ukafutwa. Ndiyo maana hata mtu anayeishi nchi inayoruhusiwa hujiponza akiwasha VPN kwa ajili ya faragha tu.

Malalamiko nayo hayana pa kushika. Msimamizi wa kamari wa Kenya anashughulika na kampuni zenye leseni ya Kenya. Msimamizi wa huko nje akisoma faili, jambo la kwanza analoliona ni kwamba mlalamikaji alidanganya nchi yake.

Kwa aliyekwisha kunaswa, la kudai ni pesa alizoweka, si ushindi. Aache kucheza salio lililobaki, apige skrinshoti ya masharti yakiwa na tarehe, na ya historia ya kuweka na kutoa. Kisha aandike barua pepe fupi yenye ukweli: nilikuwa Kenya, naomba kurudishiwa nilizoweka kwa mujibu wa kifungu fulani. Akitaja kifungu kwa namba yake hujibiwa haraka zaidi kuliko akitukana kwenye chati. Na akiambiwa atume kwanza "kodi" au "ada ya kufungua akaunti" ya asilimia fulani ndipo alipwe, asitume. Kampuni halali ikiwa na ada huikata kwenye salio. Anayetaka utume pesa mpya ni tapeli, awe ni tovuti yenyewe au mtu wa Telegramu anayedai anajua kurudisha pesa zilizozuiwa.