Paketi ya ORS na msikilizaji usiyemjua

Kaunta ya duka letu la dawa iko juu kidogo, kwa hiyo mara nyingine ninachoona kwanza ni mkono ulioshika noti. "Naomba ORS," ile dawa ya unga inayochanganywa na maji kwa anayeharisha. Ukiinama unakuta mtoto wa miaka tisa. Anayefuata ni dada mwenye mtoto wake wa kwanza mgongoni, na baada yake bibi aliyelea wajukuu kumi. Na hata ukimwona mnunuzi, hujui nani atakayechanganya dawa. Mtoto katumwa na mama, mama anawahi sokoni, kazi itamwangukia bibi. Maelezo yangu yatasafiri kwa midomo mitatu, na mimi sitakuwepo.

Hizi ni dhana nilizozikuta kazini, nyingine nikiwa nazo mwenyewe.

Dhana: maneno rahisi ni maneno ya kitoto

Siku moja nilimwambia mtoto, "Mwambie mama haya ni maji ya sukari ya tumbo." Niliona nimerahisisha. Kesho yake mama yake akaja. Paketi ilimwagika, naye akakoroga sukari kwenye maji, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Hakukosea yeye, nilikosea mimi.

Ukweli ni kwamba neno jepesi lisilo sahihi ni baya kuliko neno gumu. Ndani ya paketi kuna sukari aina ya glukosi, kuna chumvi, na vyote vimepimwa. Utumbo unaoharisha haunyonyi chumvi vizuri ikiwa peke yake. Sukari huingia pamoja nayo kama watu wawili wanaopita mlango mmoja wameshikana mikono, na maji huwafuata. Ukiondoa chumvi, sukari imekosa mwenzake. Ukiongeza sukari ili mtoto apende ladha, ile iliyozidi hubaki tumboni na kuvuta maji, na mtoto anaharisha zaidi.

Wapo wanaosema sababu kama hizi ni mzigo kwa mtoto na kwa mzee, waambie tu la kufanya. Mimi naona kinyume. Bibi anayejua kwamba vitu viwili vinaingia pamoja haongezi sukari, hata kama hakuna wa kumkataza.

Siku hizi nasema hivi: "Hii ni chumvi na sukari zilizopimwa. Inarudisha maji yaliyotoka mwilini. Haifungi kuharisha." Hakuna neno hapo ambalo mtoto wa darasa la tatu halijui, na hakuna linalomshusha mzee. Kinachomshusha mzee ni ile sauti ya kubembeleza, "bibi utakoroga kimaji chako vizuri, sawa bibi?" Mtu umemwamkia shikamoo, halafu unamsemesha kama anayejifunza kutembea.

Dhana: lita moja kila mtu anaijua

Paketi imeandikwa lita moja. Mtoto ameisoma lita kwenye hesabu lakini hajawahi kuibeba. Mama mpya anajua "chupa kubwa", na chupa kubwa ya maji dukani mara nyingi ni ya lita moja na nusu. Bibi ana jagi na bilauri zake, na bilauri za nyumba mbili hazilingani.

Makosa yanatokea pande zote mbili. Paketi nzima kwenye bilauri moja inakuwa kali. Mtoto anazidi kuwa na kiu, anahangaika, na chumvi ikipanda sana kwenye damu anaweza kupata degedege. Paketi kwenye lita moja na nusu inakuwa nyepesi, haimrudishii alichopoteza. Kuna na anayegawa paketi nusu kwa kukadiria kwa jicho, wakati unga wa ndani haujachanganyika sawasawa.

Kwa hiyo natoa chupa tupu ya nusu lita ninayoiweka chini ya kaunta na kuinyanyua. "Hizi mbili zikijaa. Maji yaliyochemshwa yakapoa. Paketi yote." Halafu nampa njia ya kujipima: aonje kabla ya kumpa mtoto. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, amwage, aanze upya. Machozi yake kila mtu ameyaonja. Jambo moja tu la kuangalia ni maandishi ya paketi yenyewe, maana zipo za nusu lita, na hapo chupa ni moja.

Dhana: maelezo yakiwa mafupi yanaeleweka zaidi

ORS huenda pamoja na vidonge vya zinki. Kwenye bahasha ya dawa tunaandika 1 x 3 au 1 x 1, nasi tunajiona tumemaliza. Mtoto anayejua jedwali la kuzidisha anasoma moja mara tatu ni tatu, anamwambia bibi ampe vitatu kwa mpigo. Kwa dawa nyingine hilo ni hatari kubwa.

"Kidonge kimoja mara moja" nayo ina mtego wake. Mara moja ni idadi, na mara moja ni haraka. Mwingine hutoa kidonge papo hapo, basi, imeisha. Sentensi ndefu kidogo inaokoa: "Kila siku asubuhi kidonge kimoja, mpaka siku kumi ziishe, hata akiacha kuharisha." Kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi sita ni nusu kidonge. Unakiyeyusha kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama.

Saa ndiyo inayotuumiza zaidi. Kwa dawa mseto ya malaria aina ya ALu, dozi ya pili ni saa nane baada ya ile ya kwanza. Ukisema "baada ya saa nane", nusu ya watu wanasikia baada ya saa nane mchana. Mgonjwa aliyeanza saa nne asubuhi anatakiwa kumeza tena saa kumi na mbili jioni, si mchana. Bora umhesabie wewe na kumtajia wakati wenyewe. Vivyo hivyo ORS iliyokorogwa haitakiwi kupita saa 24, nami nasema, "Yakibaki mpaka kesho wakati kama huu, mwaga."

Dhana: akisema "ndiyo" ameelewa

"Umeelewa?" haina jibu lingine. Mtoto hujibu ndiyo kwa adabu, mama mpya kwa aibu, mzee kwa heshima yake. Ninachofanya ni kujitwisha kosa mwenyewe. Wiki iliyopita, kwa yule wa miaka tisa:

"Labda nimeeleza vibaya. Ukifika nyumbani utamwambiaje bibi?"

"Chupa mbili ndogo za maji. Paketi yote. Aonje, isizidi machozi."

"Mdogo wako ana umri gani?"

"Mwaka mmoja."

"Basi kila akiharisha, robo kikombe mpaka nusu, kwa kijiko. Akitapika?"

Akanyamaza. Hapo ndipo nilipokuwa nimeruka, na bila kumuuliza nisingejua.

"Asubiri kama dakika kumi, halafu aanze tena polepole. Akilegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, ni hospitali, msisubiri paketi iishe. Haya, niambie tena."

Akarudia yote, akihesabu kwa vidole. Kisha akaniangalia.

"Na yakibaki tunaweka mpaka kesho kutwa?"

"Mpaka lini?"

"Kesho, saa hizi. Tunamwaga." Akaichungulia paketi ya pili mkononi. "Halafu tunakoroga hii."