Kwa nini gawio la asilimia 12 huwatia wasiwasi wajuzi wa hisa?

Nanunua hisa ili nipate gawio kila mwaka. Kwa nini naambiwa nijihadhari na hisa ya asilimia 12, nichukue ya asilimia 6?

Asilimia hiyo hupatikana kwa kugawa gawio la mwaka uliopita kwa bei ya hisa ya leo. Gawio hutangazwa mara moja au mbili kwa mwaka, lakini bei hupanda na kushuka kila siku ya soko. Chukua hisa ya shilingi 100 iliyolipa gawio la shilingi 6: hiyo ni asilimia 6. Wenye hisa wakianza kuuza kwa hofu na bei ikafika 50, hesabu ileile inatoa 12. Kampuni haijaongeza hata senti. Namba imekua kwa sababu wauzaji hawaamini kwamba zile shilingi 6 zitalipwa tena. Zikikatwa zikawa 3, aliyenunua kwa 50 anabaki na asilimia 6, na mara nyingi bei nayo huwa imeshuka zaidi.

Vodafone, ambayo Safaricom na Vodacom Tanzania zimo katika ukoo wake, ilipita njia hiyo mara mbili. Mwaka 2019, baada ya bei ya hisa yake kushuka sana, ilipunguza gawio kutoka senti 15 za yuro hadi 9. Ilikuwa na mzigo wa madeni, ununuzi mkubwa wa mitandao ya kebo Ujerumani, na gharama za masafa ya 5G. Kufikia mwanzoni mwa 2024 zile senti 9 zilikuwa zimepita asilimia 10 ya bei. Machi mwaka huohuo ikatangaza kuzikata nusu, hadi 4.5.

Dalili zimo kwenye ripoti ya mwaka. Gawa gawio kwa faida ya kila hisa. Shilingi 6 kwa faida ya 10 ni asilimia 60, kampuni inapumua. Kwa faida ya 5 ni asilimia 120, maana yake inalipa kwa akiba au kwa mkopo. Kisha fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, ambayo mimi huiamini kuliko faida: toa matumizi ya mitambo na majengo kwenye fedha zilizotokana na biashara. Kinachobaki kisipofikia jumla ya gawio kwa miaka miwili mfululizo huku madeni yakipanda, mkato hauko mbali.

Si kila asilimia kubwa ni ugonjwa. Huenda kampuni iliuza kiwanja au tawi, ikatoa gawio maalumu la mara moja, na tovuti za bei zikalijumlisha na la kawaida. Soma tangazo lenyewe, uliondoe, upige hesabu upya.