Barua kwa mwanafunzi aliyekwama kwenye thamani ya fedha kwa wakati

Mwanafunzi wangu,

Nimepitia karatasi yako ya jaribio mara mbili. Kujumlisha na kuzidisha unajua. Kosa ni moja tu, ila limekula alama za swali la akiba na za swali la mkopo: fedha za tarehe mbalimbali umezihesabu kana kwamba zote zilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Tuanze na akiba. Mtu anaweka shilingi 100,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 12, na benki inatoa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, yaani asilimia 0.5 kila mwezi. Wewe umechukua 1,200,000 yote ukaikuza kwa miezi 12, ukapata 1,274,013. Sasa chora mstari, uweke alama kuanzia 0 hadi 12. Laki ya kwanza inaingia kwenye alama ya 1, kwa hiyo imebakiwa na miezi 11 ya kuzaa riba, nayo inafika 105,640. Ya pili ina miezi 10. Laki ya mwisho inaingia kwenye alama ya 12 yenyewe, na haizai hata senti. Ukizikuza zote hadi alama ya 12 ndipo uzijumlishe, unapata 1,233,556. Riba halisi ni 33,556, na wewe uliandika 74,013, zaidi ya mara mbili. Kama swali lingesema fedha zinawekwa mwanzoni mwa mwezi, kila laki ingepata mwezi mmoja zaidi na jumla ingekuwa 1,239,724. Ndiyo maana nasisitiza msome neno "mwanzo" au "mwisho" kabla ya kushika kikokotoo.

Kwenye mkopo kosa ni lilelile, ila huku watu hulilipia kwa fedha zao. Mkopo ni 1,200,000, miezi 12, "riba asilimia 2 kwa mwezi", na marejesho ni 124,000 kila mwezi. Afisa mikopo amepata 124,000 hivi: asilimia 2 ya mkopo wote ni 24,000, akaongeza 100,000 ya deni lenyewe. Jumla ya riba ni 288,000. Wewe ukaandika kwamba mkopaji analipa asilimia 24 kwa mwaka.

Lakini huyu mkopaji hakukaa na 1,200,000 mwaka mzima. Kila mwezi anarudisha 100,000 ya deni, na riba haipungui hata kidogo. Tazama mwezi wa 12: kwa hesabu ya afisa mwenyewe, deni lililobaki ni 100,000, na bado anatozwa 24,000 juu yake. Hiyo ni asilimia 24 kwa mwezi mmoja! Kama asilimia 2 ingetozwa kwenye salio linalopungua, rejesho lingekuwa takriban 113,472, na riba ya mwaka mzima 161,658 hivi.

Riba ya kweli ya mkopo ule ni ile inayofanya marejesho yote 12, yakirudishwa kwenye alama ya 0, yawe sawasawa na 1,200,000. Haipatikani kwa kugawanya mara moja. Unajaribu kiwango baada ya kiwango, au unaiachia Excel:

```
=FV(0.005,12,-100000)
=PMT(0.02,12,-1200000)
=RATE(12,-124000,1200000)
```

Mstari wa kwanza ni akiba yetu, wa pili ni rejesho la salio linalopungua, na wa tatu ndio riba ya kweli: karibu asilimia 3.48 kwa mwezi. Ukizidisha kwa 12 unakaribia asilimia 42 kwa mwaka, wala si 24. Ukisahau alama ya kutoa kwenye RATE, utaletewa `#NUM!`, kwa sababu kompyuta inaona fedha zinaingia tu na hazitoki. Ukiweka 0.06 badala ya 0.005 kwenye FV pamoja na vipindi 12, jibu litatoka bila malalamiko yoyote na litakuwa la miaka 12. Kosa hili la pili nalihofia zaidi, maana halijitangazi.

Jambo moja ambalo swali halikuuliza, ila utakutana nalo kwenye mikataba: ada inayokatwa kabla fedha hazijakufikia. Ikikatwa asilimia 2, mkononi unapokea 1,176,000, na marejesho yanabaki 124,000. Kwenye RATE weka kilichoingia mkononi, si kilichoandikwa kwenye mkataba. Riba inapanda hadi asilimia 3.8 hivi kwa mwezi.

Rudia maswali yote mawili, mstari wa muda ukiwa umechorwa juu ya kila jibu, uniletee kabla ya semina ijayo. Excel iache kwanza. Mwezi wa 1 hadi wa 3 uhesabu kwa mkono.

Mwalimu wako