Kumlipa, kumlipia, kumrudishia: kifungu cha indemniti kwa Kiswahili

Rasimu nyingi za mikataba ninazoletewa kuhariri hutafsiri indemniti, yaani ahadi ya upande mmoja kubeba hasara itakayoupata upande mwingine, kwa neno moja tu: fidia. Mkandarasi "atamlipa Mwenye Mradi fidia kwa madai yote yatakayotokana na kazi." Sentensi inasomeka vizuri, lakini nguvu ya kifungu imeshapotea.

Chukua mfano huu. Kreni ya mkandarasi inaangusha ukuta wa jirani, na jirani anamshtaki mwenye mradi. Katika sheria ya Kiingereza, anayedai fidia ya kawaida huonyesha kwanza kwamba mkataba umevunjwa, kisha kwamba hasara yake ni ya aina ambayo pande zote zingeweza kuitarajia walipokubaliana. Kipimo hicho kimetokana na kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854. Indemniti iliyoandikwa vizuri humwepusha mwenye mradi na mzigo wa kuthibitisha uvunjaji: inatosha kwamba hasara imempata na inatokana na jambo lililotajwa. Neno fidia likisimama peke yake, wakili wa mkandarasi atauliza, "Mteja wangu amevunja sharti gani?"

Kwa hiyo mimi huanza na kitenzi. "Kumlipa" hakutaji deni ni la nani. "Kumrudishia" kunadokeza kwamba mwenye mradi ameshatoa fedha zake, na mkandarasi anaweza kungoja mpaka aone risiti. "Kumlipia" kunamtaka mkandarasi aingie tangu deni linapothibitika. Ninaandika hivi:

"Mkandarasi atawajibika kumlipia au kumrudishia Mwenye Mradi kila hasara, deni na gharama itakayompata kutokana na dai la mtu wa tatu lililosababishwa na Kazi, iwe Mkandarasi amevunja Mkataba huu au hapana."

Maneno ya mwisho siyaongezi kimyakimya. Kama hayamo katika matini asilia, nawaandikia mawakili wa pande zote waamue, maana hapo nimevuka tafsiri na kuingia katika masharti yenyewe. "Kinga" nalikwepa kabisa, kwa sababu msomaji wa sheria huelewa kinga ya kutoshtakiwa.

Kifungu cha tukio lisilozuilika, kile chenye jina la Kifaransa force majeure kinachomsamehe mhusika asipotekeleza kwa sababu ya tukio hilo, kina mtego wa namna hiyohiyo. Sheria ya Kiingereza haina kanuni ya jumla inayokipa maana. Kinachomwokoa mhusika ni maneno yaliyoandikwa. Ukiandika "majanga ya asili" umeacha nje vita, migomo na amri za serikali. Hatari zaidi ni "akishindwa kutekeleza." Kushindwa kunambeba aliyefungiwa njia na aliyezembea pia. "Akizuiwa na tukio hilo" kunadai kwamba utekelezaji haukuwezekana, na bei kupanda hakutoshi. "Akikwamishwa" kunalegeza kipimo: utekelezaji ukiwa mgumu mno, huenda ikatosha. Matini asilia yakitaja yote mawili, nayaandika yote mawili, hata kama mhariri wa lugha ataona nimerudia.