Usiku Mwema Usiosema "Yaishe"

Ujumbe wa usiku mwema baada ya ugomvi ambao haujaisha ni maneno machache ambayo mtu humwandikia mwenzi wake kabla ya kulala, kumjulisha kwamba mapenzi yapo palepale ingawa suala lenyewe halijapata jibu. Haulingani na "yaishe". Anayesema "yaishe" anataka jambo lifungwe, mara nyingi kwa sababu amechoka tu, ilhali mwandishi wa ujumbe huu anaomba usiku mmoja usio wa kununiana, huku jambo likisubiri.

Tuchukue mke aliyegundua jioni kwamba mumewe amemkopesha ndugu yake akiba yao bila kumshirikisha. Wamerushiana maneno, kisha kila mmoja akaingia chumba chake. Mke akiandika "Lala unono, mpenzi" na kuishia hapo, mume ataona ama amesamehewa, ama anakejeliwa. Na akiamini amesamehewa, atashangaa hasira ikirudi asubuhi. Afadhali aandike hivi:

"Bado nimeumia kwamba hukunishirikisha kuhusu akiba yetu. Samahani kwa kukupandishia sauti. Nakupenda. Kesho tukitoka kazini tukae tuongee. Si lazima unijibu sasa. Lala unono."

Sentensi ya kwanza inataja jeraha kwa jina lake bila kurudia mashtaka yote. Radhi inahusu sauti pekee, kwa kuwa hilo ndilo kosa lake mwenyewe; kuomba radhi kwa kila kitu kungekuwa kusalimu amri, na "samahani kama umeumia" humbebesha aliyeumia lawama ya kuumia. Ahadi ya kuongea ina wakati wake, maana "tutaongea" isiyo na siku hugeuka kuwa njia ya kukwepa.

Neno linaloharibu zaidi ujumbe wa namna hii, kwa maoni yangu, ni "lakini". Ukiandika "Nakupenda, lakini umeniumiza", mwenzako atalala na nusu ya pili. Ziache sentensi hizo mbili zisimame kila moja peke yake, kwa sababu zote ni za kweli.

Mwanasaikolojia John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi, anashauri mapumziko ya angalau dakika 20 pale mabishano yanapoupandisha mwili joto, ili moyo urudi katika mapigo yake ya kawaida. Ujumbe ulioandikwa kabla ya hapo huwa na mkuki ndani yake, na dalili yake ni urefu: ukianza kueleza nani alianza, umerudi ugomvini.

Ikiwa ujumbe umesomwa na jibu halikuja, usitume mwingine wa kuuliza "mbona kimya?", kwani ulishamruhusu asijibu. Na mahali ambapo mmoja anamwogopa mwenzake kwa vipigo au vitisho, ujumbe huu hauna kazi. Hapo kinachotakiwa ni usalama na msaada wa watu wengine.