Kurekebisha rubriki si kushusha kiwango

“Nikimpunguzia huyu mwanafunzi masharti kwenye rubriki, yaani jedwali la vigezo vya kutolea alama, si nitakuwa nimempa alama za bure?”

Inategemea umegusa nini. Chukua kigezo hiki cha sayansi: “Anaeleza kwa maandishi nadhifu kwa nini maji huwa mvuke na mvuke hugeuka kuwa mawingu.” Kinachopimwa ni kueleza sababu. Maandishi nadhifu yamejipenyeza tu, na ndiyo yanayomwangusha mtoto ambaye mkono wake haushiki kalamu vizuri. Yafute, tena kwa darasa zima, kisha mwache aeleze kwa mdomo au kwa mchoro wenye maelezo. Ngazi ya “kufikia matarajio” ibaki vilevile: lazima aseme joto hufanya nini, na ubaridi hufanya nini.

Ukibadilisha “anaeleza kwa nini” kuwa “anataja hatua”, hapo kweli umeshusha kiwango, kwa sababu kutaja kunaweza kukaririwa.

Msaada huohuo haufai kila mahali. Kwenye imla, tahajia ndiyo inayopimwa. Akiandikiwa na mtu mwingine, basi amtajie kila neno herufi kwa herufi.